Ushanga kwenye pete inayozunguka: L haina t ndani yake, mbona nishati inapanda na kushuka?

Kipeo77
Wakuu, salaam. Pete ya waya yenye nusukipenyo R = sm 15 imesimama wima. Mota inaizungusha kwenye mhimili wima unaopita katikati yake, mizunguko 100 kwa dakika, na kasi hiyo haibadiliki. Kwenye waya kuna ushanga wa gramu 10 unaoteleza bila msuguano. Kiwianishi nilichochagua ni kimoja tu, pembe θ inayopimwa kutoka chini kabisa ya pete.

Nishati mwendo kutoa nishati tuli imenipa L = ½mR²θ'² + ½mR²ω² sin²θ + mgR cosθ. Nimeitumia d/dt(∂L/∂θ') − ∂L/∂θ = 0 ikanipa θ'' = (ω² cosθ − g/R) sinθ. Mpaka hapo nadhani niko sawa.

Sasa hoja yangu. Ndani ya L hakuna t popote. Tumefundishwa kwamba L isipokuwa na t, kuna kitu kinahifadhiwa, na kitu hicho ni nishati. Lakini nikiuachia ushanga kutoka digrii 20 bila kuusukuma, kisha nikajumlisha nishati mwendo yote na nishati tuli, jumla inapanda karibu milijuli 20 ushanga unapofika juu, halafu inashuka tena. Msuguano hakuna. Je, mlinganyo wangu una kosa, au kanuni tuliyofundishwa ina mpaka?

MzeeWaKani
Kosa liko kwenye hesabu zako za namba, siyo kwenye kanuni. Kani ya waya juu ya ushanga siku zote iko pembemraba na waya. Ushanga unatembea kwenye waya. Kani iliyo pembemraba na mwendo haifanyi kazi. Inabaki mvutano wa dunia peke yake, ambao una nishati tuli. Kwa hiyo jumla lazima itulie. Hakikisha umebadilisha digrii kuwa radiani kabla ya kuingiza kwenye sin.

njoo_tuhesabu
Naweka kambi hapa.

Nukta_Tatu
Mlinganyo wa Kipeo77 ni sahihi, na namba zake pia ni sahihi. Mzee, ni kweli kani ya waya iko pembemraba na waya, ila sentensi inayofuata hapo ndiyo inayoteleza. Ushanga hautembei kwenye waya tu. Waya wenyewe unatembea, na unaubeba ushanga kuzunguka mhimili. Kwa mtu aliyesimama kwenye sakafu ya maabara, kasi ya ushanga ina vipande viwili: Rθ' kuufuata waya, na Rω sinθ kwenda pembeni, kutoka nje ya ubapa wa pete. Kani ya waya iko pembemraba na kipande cha kwanza, lakini kuna sehemu yake inayolala sambamba na kile cha pili. Sehemu hiyo inafanya kazi halisi, na anayeilipa ni mota.

Tupime ukubwa wake. Ushanga unapopanda, umbali wake kutoka kwenye mhimili, R sinθ, unaongezeka, na ω imelazimishwa kubaki ileile. Momenta yake ya mzunguko ni mR²ω sin²θ. Ili iongezeke, waya lazima uusukume ushanga pembeni kwa kani ya 2mRω cosθ·θ'. Katika mfano wa Kipeo77, ushanga unapopita digrii 53 θ' ni radiani 3.6 kwa sekunde, na kani hiyo inafika niutoni 0.067. Uzito wa ushanga ni niutoni 0.098. Kwa hiyo tunazungumzia theluthi mbili ya uzito, si kitu cha kupuuza.

Kipeo77
Asante mkuu. Lakini hapo naona nimezidi kuchanganyikiwa. Wakati wa kujenga mlinganyo tuliambiwa kani za vizuizi tunaziacha nje kwa sababu hazifanyi kazi. Sasa unasema inafanya kazi. Tuliiachaje nje, na mlinganyo bado ukatoka sawa?

Nukta_Tatu
Kwa sababu ule msogeo tunaoutumia kujenga mlinganyo siyo msogeo wa kweli wa ushanga. Ni msogeo wa kuwaza: tunasimamisha saa, pete inaganda pale ilipo, kisha tunausogeza ushanga kidogo kwa δθ. Pete ikiwa imeganda, njia pekee ya kusogea ni kuufuata waya, na hapo maneno ya Mzee yanakuwa kweli kabisa. Saa ikiruhusiwa kutembea, pete inaondoka na ushanga wake, na kazi inafanyika. Ndiyo maana kani ya waya haitokei kwenye mlinganyo wa θ lakini inatokea kwenye hesabu ya nishati.

MzeeWaKani
Hapo nimekuelewa. Ila bado nauliza: kama L haina t, kitu gani kinahifadhiwa basi? Usiniambie hakuna.

Nukta_Tatu
Kipo. Ni h = θ'·∂L/∂θ' − L. Kwa mfano huu inatoka:

h = ½mR²θ'² − ½mR²ω² sin²θ − mgR cosθ

Angalia alama ya kipande cha katikati. Kwenye nishati ya kweli ni ya kujumlisha, hapa ni ya kutoa. Vitabu vingi huiita h kwa jina la Jacobi. Tofauti kati ya nishati E na h ni mR²ω² sin²θ, na hiyo inabadilika kadiri ushanga unavyopanda.

Kanuni ya kwamba h ni nishati ina sharti: ule mwendo wote uwe umeandikwa kutoka kwenye viwianishi ambavyo havina saa ndani yake. Hapa tumeandika x = R sinθ cos ωt, y = R sinθ sin ωt, z = −R cosθ. Saa imo. Ilipofika kwenye mraba wa kasi, cos² na sin² za ωt zikajumlishwa kuwa 1 na t ikatoweka machoni. Haikuondoka kwenye mfumo. Kipeo77, kanuni yako ina mpaka, na mpaka wenyewe ndio huo.

binti_wa_Mwenge
Samahani wakuu, labda sijaelewa picha. Pete inabingirika mezani kama gurudumu na ushanga uko ndani? Kama ni hivyo, mbona hamjaweka kasi ya katikati ya pete kwenda mbele?

Kipeo77
Hapana dada, haibingiriki. Katikati ya pete haihami. Chukua sarafu uisimamishe wima kisha uizungushe kwa kidole, ule mzunguko ndio wenyewe. Ushanga unapanda na kushuka kwenye ukingo.

binti_wa_Mwenge
Sawa, sasa nimeona. Lakini hilo nililouliza nalo ni swali zuri, ushanga kwenye pete inayobingirika. Lina uhuru wa pili wa kusogea.

Nukta_Tatu
Ni zuri, lifungulie uzi wake. Hapa tutazama.

Dira_ya_Kusi
Naona mnazunguka mbali wakati kuna njia fupi. Kaa ndani ya pete, uzunguke nayo. Kwa mtu aliye ndani, pete haiendi popote. Kuna mvutano wa dunia, na kuna kani ya kusukuma nje yenye ukubwa mω²r, ambayo ina nishati tuli ya −½mω²R² sin²θ. Jumlisha na −mgR cosθ, weka ½mR²θ'², basi: hiyo h ni nishati ya kawaida kwa mtu wa ndani. Haina siri. Na ile kani ya pembeni ya 2mRω cosθ·θ' haimsumbui, kwa sababu kwake ushanga hausogei pembeni, hivyo kani hiyo haifanyi kazi yoyote.

Nukta_Tatu
Nakubali hesabu. Sikubali neno "kawaida". Nishati tuli ya kawaida unaweza kuonyesha imehifadhiwa wapi. Hiyo yako inategemea uamuzi wetu wa kukaa ndani ya pete. Mimi naichukua h kama kipimo kisichobadilika, basi, na juli halisi naitafuta kwenye E na kwenye mota.

Dira_ya_Kusi
Hata mgR cosθ inategemea uamuzi wa wapi uanzie kupima urefu. Na ½mv² inabadilika ukipanda treni. Hakuna nishati isiyotegemea aliyekaa wapi. Kwa nini hii moja ndiyo uinyime hadhi?

Nukta_Tatu
Kuhamisha sifuri ya urefu kunaongeza namba moja isiyobadilika. Kuingia ndani ya pete kunabadilisha alama ya kipande kizima. Sivyo vitu viwili vinavyofanana.

MzeeWaKani
Mimi hapa niko na Dira. Lakini endeleeni.

Kipeo77
Kabla hamjaendelea: kuna mwenzangu tuliyefanya naye swali hilihili, yeye amepata msawazo kwenye cosθ = g/(2Rω²). Mimi nimepata cosθ = g/(Rω²). Ile 2 anaitoa wapi?

Dira_ya_Kusi
Amekaa nje na ndani kwa wakati mmoja. Ameweka ½mR²ω² sin²θ kwenye nishati mwendo, jambo ambalo ni sahihi kwa mtu wa nje. Halafu akaona kuna mzunguko, akaongeza nishati tuli ya −½mω²R² sin²θ ya mtu wa ndani. L ni mwendo kutoa tuli, kwa hiyo kipande kilekile kimeingia mara mbili kwa alama ileile. Achague upande mmoja. Ukikaa nje, usitaje kani ya kusukuma nje. Ukikaa ndani, nishati mwendo yako ni ½mR²θ'² peke yake.

Namna ya kulinasa kosa hilo bila kusoma kazi yake: muulize ushanga unaanza kuondoka chini kwa kasi gani. Jibu sahihi ni ω² = g/R, ambayo kwa pete ya sm 15 ni radiani 8.09 kwa sekunde, karibu mizunguko 77 kwa dakika. Yeye atapata kama 55.

Kokotoa
Niwawekee ya kujaribu wenyewe. Namba za Kipeo77 hizihizi:

```python
import numpy as np
from scipy.integrate import solve_ivp
g, R, m = 9.81, 0.15, 0.01
w = 100*2*np.pi/60
def f(t, y):
    a, v = y
    return [v, (w*w*np.cos(a) - g/R)*np.sin(a)]
s = solve_ivp(f, (0, 10), [np.radians(20), 0],
              rtol=1e-9, atol=1e-12)
a, v = s.y
h = m*R*R*(v**2 - w*w*np.sin(a)**2)/2 - m*g*R*np.cos(a)
print(np.degrees(a.max()), np.ptp(h))
```

Namba ya kwanza ni pembe ya juu kabisa, inatoka karibu 75.3. Ya pili ni kiasi ambacho h imeyumba, na inapaswa kuwa ndogo mno ukilinganisha na h yenyewe, ambayo ni −0.01527 juli. Msiondoe `rtol` na `atol`. Mkiziondoa, programu inatumia ulegevu wake wa kawaida wa 1e-3, na h inaanza kuhama taratibu. Mtu akiiona anadhani fizikia imevunjika, kumbe ni hatua za kompyuta. Kosa jingine la mara kwa mara ni kuandika `w = 100` moja kwa moja. Ukiona ushanga unapita digrii 90, unafika karibu 158 na kurudi kwa kishindo, angalia hapo kwanza.

Nukta_Tatu
Kazi nzuri. Na hiyo 75.3 hata kompyuta haihitajiki. Pale ushanga unapogeuka θ' ni sifuri, kwa hiyo h inabaki hesabu ya cosθ yenye mraba. Ina majibu mawili, na jumla ya majibu hayo ni 2g/(Rω²), yaani 1.193. Umeanza kwenye cos 20° = 0.940, basi jibu la pili ni 0.253, ambalo ni digrii 75.3. Katikati ya hizo cosini mbili ni 0.596, na hiyo ndiyo sehemu ya msawazo, digrii 53.4.

Milijuli 20 za Kipeo77 nazo zinagawanyika vizuri. Nishati tuli inapanda milijuli 10.1, na nishati mwendo ya kuzungushwa na pete inapanda milijuli 10.1 vilevile. Ziko sawa kwa sababu h kwenye vituo viwili vya kugeukia ni tuli kutoa mwendo, na h haijabadilika. Mota inalipa zote ushanga ukipanda, na inarudishiwa zote ushanga ukishuka.

Fundi_Mota
Hapo kwenye "inarudishiwa" pana kasoro. Mota ndogo ya umeme wa moja kwa moja hairudishi kitu kwenye betri ikiwa inaendeshwa na transista moja. Na wala haishiki mizunguko 100. Kwenye kifaa tunachotumia pete ina gramu 50, na ushanga ukipanda unasikia kabisa mlio wa mota unashuka. Kwa hiyo ω yenu isiyobadilika ni ya karatasini. Mtu akipima kwa video atapata pembe ndogo kuliko zenu, akadhani mlinganyo ni mbovu.

Nukta_Tatu
Fundi umegusa penyewe. Tuchukue upande wa pili kabisa: mota imekatwa, pete inazunguka yenyewe kwenye beringi nzuri. Sasa pembe ya pete, φ, inakuwa kiwianishi cha pili, kwa sababu hakuna anayetuamulia itakwendaje. Pete ya gramu 50 ina inesha ya ½MR², na L inakuwa:

L = ½mR²θ'² + ½(I + mR² sin²θ)φ'² + mgR cosθ

φ yenyewe haimo ndani, imo kasi yake tu, kwa hiyo p = (I + mR² sin²θ)φ' inahifadhiwa. Na safari hii E inahifadhiwa kweli, kwa kuwa hakuna anayeingiza wala kutoa juli.

Nimezifanya namba. Ukianza digrii 20 kwa mizunguko 100 kwa dakika, ushanga unapanda mpaka digrii 58 tu badala ya 75, na pale juu pete imeshuka mpaka kama mizunguko 81. Kifaa cha Fundi kiko mahali fulani kati ya hali hizi mbili.

Kipeo77
Hiyo nimeijaribu sasa hivi na nimepata kitu cha ajabu. Nimechukua φ' = p/(I + mR² sin²θ), nikaipachika ndani ya L ili nibaki na θ peke yake, nikanyambua. Ushanga wangu haupandi hata kwa kasi gani. Unarudi chini siku zote.

MzeeWaKani
Mbona hatua hiyo ni halali. Kipimo hakibadiliki, unakipachika. Hata mimi ningefanya hivyo.

Nukta_Tatu
Siyo halali, na alama imegeuka kwa sababu hiyo. Ukipachika kwenye L, kipande cha mzunguko kinakuwa +p²/(2(I + mR² sin²θ)). θ iko chini ya mstari. θ ikikua, kipande kinapungua, na mlinganyo unasoma kwamba ushanga unavutwa chini. Ukweli ni kinyume.

Mlinganyo wa θ unataka unyambue L ukiwa umeishikilia φ' isibadilike. Ukipachika kwanza, unanyambua ukiwa umeishikilia p. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Njia ya Routh ni kutoa pφ' kwanza: chukua L − pφ', ndipo upachike. Kipande kinakuwa −p²/(2(I + mR² sin²θ)) na kila kitu kinakaa sawa. Au fanya kwa njia ya moja kwa moja: pata mlinganyo wa θ kwanza, θ'' = φ'² sinθ cosθ − (g/R) sinθ, halafu upachike φ' mwishoni. Mimi napenda hii ya pili, haina mtego.

Kipeo77
Nimeirudia kwa njia ya pili, inapanda hadi 58. Asante sana.

binti_wa_Mwenge
Tukitoka kidogo nje: ile mipira miwili inayozunguka juu ya injini za mvuke za zamani, si ndiyo habari hiihii? Kasi ikizidi mipira inapanda na kufunga mvuke.

Dira_ya_Kusi
Ndiyo, undugu wa karibu. Watt alianza kuitumia kwenye injini zake mwaka 1788, na mwaka huohuo Lagrange alichapisha kazi yake kubwa ya mekanika. Tofauti ni kwamba mikono ya ile mashine mara nyingi imefungwa pembeni ya mhimili, siyo katikati, kwa hiyo haina ile kasi moja kali ya kuanzia kupanda. Inapanda polepole tangu mwanzo.

Mlima_Meru
Nina swali la g. Nyote mmeweka 9.81. Huku kwetu karibu na ikweta ni kama 9.78. Inabadilisha chochote?

Kokotoa
Kwa kasi ya kuanzia kupanda, karibu hakuna: 77.2 inakuwa 77.1. Lakini ukiwa karibu na kasi hiyo, pembe inakua kwa kasi kubwa mno, kwa hiyo kosa dogo linavimba. Kwa mizunguko 78, ukiweka 9.81 unapata digrii 11.4, na ukiweka 9.78 unapata 12.2. Kwa mizunguko 80 tayari uko digrii 21, kwa 100 uko 53, na hata kwa 200 bado uko 81 tu. Anayetaka kupima vizuri asikae karibu na 77. Aanzie 90 kwenda juu, pale kosa la kasi halimwumizi.

Fundi_Mota
Sasa na mimi niulize la kwangu. Ushanga wetu haufuati lolote kati ya haya. Tunapandisha kasi taratibu, tunapita 77, tunapita 85, ushanga umekaa chini tu kama hausikii. Tukigonga meza unaruka ghafla mpaka katikati ya pete. Na tukishusha kasi hauteremki mpaka tumekaribia kusimama.

MzeeWaKani
Chini kabisa sinθ ni sifuri, kwa hiyo kani ni sifuri. Umekaa kwenye msawazo usio imara. Unahitaji kuguswa kidogo, basi.

Nukta_Tatu
Mzee, hiyo ni nusu. Msawazo usio imara tu haungestahimili mtetemo wa mota hata sekunde chache. Hapa kuna msuguano mkavu, na nguvu yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ushanga ukiwa umetulia kwenye waya, kani inayouvuta kupanda ni m sinθ(Rω² cosθ − g). Waya unaubana kwa m(g cosθ + Rω² sin²θ). Ukizidisha mbano huo kwa kizio cha msuguano, tuseme 0.2, unapata kiasi ambacho ushanga unaweza kuvumilia bila kuteleza.

Weka Rω² = 1.44g, yaani kasi imezidi ile ya kuanzia kwa asilimia 20, kama mizunguko 93. Kani ya kuvuta haizidi 0.13 ya uzito popote kati ya chini na sehemu ya msawazo. Msuguano unaweza kushika 0.2 ya uzito au zaidi. Maana yake ushanga unakaa popote utakapouweka kwenye eneo hilo lote. Ukifika Rω² = 2g, karibu mizunguko 109, ndipo mambo yanabadilika, lakini hata hapo lazima kwanza uusogeze mpaka kama digrii 13 ndipo uondoke wenyewe.

Fundi_Mota
Hiyo inafanana na tunachokiona. Tumejaribu mafuta ya cherehani, yanasaidia dakika chache halafu vumbi linashika.

Dira_ya_Kusi
Acha ushanga. Tumia mfereji uliokunjwa duara na gololi ya chuma inayobingirika ndani yake. Msuguano wa kubingirika ni mdogo sana. Ila kumbuka gololi inayobingirika ina nishati ya kujizungusha yenyewe: kwenye mfereji laini wa mviringo, kipande cha θ'² kinazidishwa kwa 7/5. R nayo ipime mpaka katikati ya gololi, siyo mpaka kwenye mfereji. Sehemu ya msawazo haitabadilika kwa ile 7/5, lakini kipindi cha kuyumba kitarefuka kwa mzizi wa 1.4. Kwa ushanga wa Kipeo77, kipindi cha kuyumba kidogo kuzunguka digrii 53 ni sekunde 0.75. Gololi itachukua kama 0.88.

Nukta_Tatu
Hiyo 7/5 ni sawa kwa mwendo wa kuufuata mfereji. Kuhusu gololi kujizungusha wakati mfereji nao unageuka pembeni, sina hakika kama hakuna kipande kinachobaki. Gololi haishikwi na mfereji kwenye nukta moja tu pale inaposukumwa pembeni kwa 2mRω cosθ·θ'. Inagusa kuta mbili, na mojawapo lazima iteleze.

Dira_ya_Kusi
Kwa mfereji wa umbo la V nakubali swali linabaki wazi. Kwa mfereji wa mviringo nasimama na 7/5.

Kipeo77
La mwisho kutoka kwangu. Ushanga ukiondoka chini, kwa nini unakwenda upande uleule kila mara? Mlinganyo unasema kulia na kushoto ni sawa.

MzeeWaKani
Waya una mkwaruzo upande mmoja.

Fundi_Mota
Kwetu ni kiungio cha pete. Pale ilipochomelewa kuna kinundu, na upande huo ushanga haupendi kupita.

Nukta_Tatu
Inawezekana vyote viwili, lakini kabla ya kulaumu waya pimeni katikati ya pete. Ikiwa imehama kutoka kwenye mhimili kwa kiasi d, mlinganyo unakuwa Rθ'' = ω²(R sinθ + d) cosθ − g sinθ. Milimita 1 tu kwenye pete ya sm 15 inatosha: kwenye mizunguko 77.2, pale ambapo pete kamili ingeuacha ushanga digrii 0, huu unakaa kama digrii 13 na nusu, upande ule ambao pete imehamia. Kuligundua ni rahisi: ondoa pete, igeuze nusu mzunguko kwenye shikizo lake, uifunge tena. Ushanga ukibadili upande ukilinganisha na pete, shikizo ndilo lililo nje ya mhimili. Ukibaki upande uleule wa waya, basi ni pete yenyewe, na hapo kinundu cha Fundi na mkwaruzo wa Mzee vyote bado vimo.

Fundi_Mota
Jumatatu nitaigeuza. Ila mkwaruzo naukataa, waya ni mpya.